Picha Haijanifikia, Mwanangu: Niandikie Swali

Mwaka jana niliandika maneno manne ambayo yalimfanya mtoto wa Darasa la Saba akae wiki mbili bila kuniuliza swali lolote. Maneno yenyewe ni haya: "Sioni kitu. Tuma tena." Nilikuwa nimetoka kwenye kikao cha kamati ya msikiti, nimechoka, na mkononi nina daftari la mahesabu ya ukarabati wa choo cha kutawadhia. Simu ikalia. Kijana yule ni mmoja wa wanafunzi tunaowasaidia masomo ya shule baada ya Magharibi, na usiku huo alikuwa ametumia simu ya mama yake kuandika: "Assalaam alaykum ustadh, shikamoo. Naomba unisaidie swali hili." Chini ya maneno hayo hapakuwa na swali lolote. Nikamjibu kama nilivyosema, kisha nikarudi kwenye saruji na mabomba yangu.

Habari kamili niliipata kwa mama yake, alipokuja kumlipia mdogo wake ada ya madrasa. Mtoto alikuwa ametuma picha ya ukurasa wa kitabu. Nilipomwambia atume tena, akatuma mara ya pili, na mara ya tatu, hata bando la mama likaisha. Mama akamgombeza kwa bando. Mtoto naye akahitimisha kwamba ustadh hataki kusumbuliwa usiku, na kwamba "sioni kitu" ni namna ya watu wazima ya kusema "niache". Mama hakuja kunilaumu. Alikuja kunitaka radhi kwa mwanawe kunisumbua, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu siku hiyo nimelitazama jambo hili dogo kwa makini zaidi, kwa sababu hutokea karibu kila juma. Mwanafunzi anatuma picha, picha haifiki, na mwalimu analazimika kumwambia hivyo na kumwomba aandike swali kwa maneno. Nataka nieleze linavyofanyika, maana walimu wengi wa madrasa na wazazi wanaosaidia watoto wa jirani wamo katika hali hiyo hiyo.

La kwanza ni kuhakikisha kwamba picha kweli haikufika. Nimejifunza kutosema hivyo kabla ya kutazama simu yangu mwenyewe. Katika WhatsApp, picha inaweza kuwa imefika lakini haijafunguka: unaona mraba wenye ukungu na mshale mdogo wa kuelekea chini katikati yake. Huo si upotevu wa picha. Picha iko tayari kupakuliwa, na kinachokosekana ni bando langu, au nafasi katika simu yangu iliyojaa picha za harusi na video za mawaidha, au nimeiwekea simu mpangilio wa kutopakua picha yenyewe. Kumwambia mtoto atume tena wakati huo ni kumtoza gharama ya kosa langu. Ninaubonyeza mshale, nikishindwa ninafuta video mbili tatu, kisha ninajaribu tena.

Hali ya pili ni ile ambayo hakuna mraba wala mshale, kuna maneno peke yake. Hapo picha haijaondoka katika simu ya mtoto. Watu huuliza, imekuwaje maneno yafike na picha isifike, ilhali vimetumwa pamoja? Jibu ni kwamba havikutumwa pamoja. Kila kimoja husafiri peke yake, na uzito wao haulingani hata kidogo. Sentensi moja ya salamu ni mzigo mwepesi mno, hupita hata pale mtandao unapokatikakatika. Picha ya ukurasa wa kitabu ina uzito wa maelfu ya sentensi kama hiyo, na bando likikatika katikati ya safari, picha hubaki njiani. Katika simu ya mtoto, pembeni ya picha hiyo huonekana alama ya saa ndogo, maana yake bado haijaondoka. Tiki moja ya kijivu ingemaanisha imeondoka kwake, na tiki mbili kwamba imefika kwangu. Lakini mtoto haangalii tiki za picha. Anaangalia tiki mbili zilizo kwenye salamu yake, anaona ustadh amepokea, basi anasubiri. Wakati mwingine hata hakubonyeza kitufe cha kutuma: aliichagua picha, simu ikaitwa na mama jikoni, akarudi nyuma akidhani imekwenda.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu yanabadilisha namna ya kujibu. Mtoto ana ushahidi mbele yake kwamba ametuma. Ukimwambia "hukutuma picha", umemwambia ni mwongo.

Hapa Kiswahili chetu kina msaada mkubwa kwa anayekitumia kwa uangalifu. Tazama sentensi tatu. "Hukutuma picha" inamweka mtoto mwanzo wa sentensi, na kosa ni lake. "Picha haikufika" inamwondoa mtoto na kuiweka picha, lakini imefunga mlango: jambo limekwisha, halikuwa. "Picha haijanifikia" ndiyo ninayoipenda. Hiyo "-ja-" inasema kwamba mpaka saa hii bado, na inaacha uwezekano kwamba ilitumwa na iko njiani. Na hiyo "-ni-" inasema kwamba tatizo limeonekana upande wangu, sijui la upande wako. Ni kweli tupu na haimtuhumu mtu. Mwenzangu mmoja hupendelea "sijaiona picha". Nayo ni nzuri, ila mtoto anaweza kudhani sijaangalia, akatulia kusubiri niangalie.

Vivyo hivyo katika kuomba. "Andika swali" ni amri ya darasani. "Niandikie swali" tayari ni ombi, kwa sababu inaonyesha kuna mtu anayelihitaji. "Naomba uniandikie" ni adabu zaidi, na sioni ubaya wa mtu mzima kumwambia mtoto "naomba". Samahani ninaitumia mara moja tu, au nisiitumie kabisa. Zikirundikana, mtoto hutafuta kosa liko wapi, na kwa kawaida hulikuta kwake.

Ujumbe ninaouandika sasa hufanana na huu, niliomwandikia kijana yule yule miezi kadhaa baadaye, alipopata ujasiri wa kuniuliza tena na picha yake, kama kawaida, ikakwama:

"Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba. Nimepata salamu yako ya saa mbili na robo, umeomba msaada wa swali la hisabati. Picha yake haijanifikia, nimeangalia mara mbili na nimeona maneno tu. Hutokea mara nyingi mtandao ukiwa mzito. Usitume picha tena, utamaliza bando la mama. Naomba uniandikie swali kama lilivyo kitabuni, neno kwa neno na namba zote. Kama lina mchoro, nieleze mchoro una nini. Kisha niambie wewe umefika wapi. Nipo mpaka saa tatu na nusu, na ikishindikana nitakujibu kesho asubuhi."

Ni mrefu kuliko "Sioni kitu. Tuma tena", nakiri. Lakini kila kipande kina kazi yake. Nimetaja saa na somo kwa sababu simu ni ya mama, na mama au kaka mkubwa anaweza kuusoma ujumbe kabla ya mwenyewe. Atajua ni wa nani na unahusu nini. Nimetaja nilichokipata kabla ya nisichokipata, ili mtoto ajue maneno yake yamepokewa na yamesomwa. Nimemkataza kurudia picha waziwazi, maana mtoto mwenye bidii atarudia tu usipomkataza. Na nimemwekea saa, ili asikeshe na simu mkononi.

Alinijibu baada ya dakika tano: "Tafuta eneo la sehemu iliyotiwa kivuli."

Alikuwa ametii kabisa. Ndivyo swali lilivyoandikwa kitabuni, neno kwa neno, na halikuwa na maana yoyote bila mchoro. Hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa na kusema, "Basi, njoo nalo kesho." Makosa hayakuwa ya mtoto. Nilimwambia aeleze mchoro, lakini mtoto wa miaka kumi na mitatu hajui kuueleza mchoro ni kufanya nini, hajawahi kuombwa. Inabidi umwulize kipande kwa kipande, kama fundi cherehani anayepima.

Nikamwuliza: umbo la nje ni lipi? Akajibu mstatili ABCD. Pande zake zimeandikwa namba gani? AB ni sentimita 14, BC ni sentimita 10. Ndani yake kuna umbo gani jingine? Nusu duara. Limekaa wapi? Hapo akachelewa kidogo, kisha akaandika: "Ule mstari wake ulionyooka ni AB." Kivuli kiko ndani ya nusu duara au nje yake? Nje. Kuna maelezo mengine pembeni? Tumia pai ni 22/7.

Maswali sita, majibu sita, na swali zima likawa mbele yangu. Likiandikwa kwa mkupuo linakuwa hivi:

"Mstatili ABCD. AB=14 sm, BC=10 sm. Nusu duara ndani, kipenyo ni AB. Kivuli kiko nje ya nusu duara. Tafuta eneo la kivuli. Tumia pai=22/7."

Nililihesabu baadaye, likawa na herufi zisizofika 140 pamoja na nafasi na nukta. Ninalitaja hili kwa sababu ujumbe wa kawaida wa simu, ule usiohitaji intaneti, huchukua herufi 160. Maana yake ni kwamba mtoto ambaye bando limemwishia, au mwenye simu ndogo ya vitufe, angeweza kunitumia swali hilo zima kwa ujumbe mmoja. Tahadhari ni moja: akiweka alama ambayo haimo katika herufi za kawaida za simu, kama ile mbili ndogo ya juu ya kipeo, au akiandika hata neno moja kwa herufi za Kiarabu, nafasi hupungua ghafla kutoka 160 hadi 70, na ujumbe mmoja ukawa miwili au mitatu. Ndiyo maana ninawaambia waandike "sm za mraba" kwa maneno, na "pai" badala ya alama yake.

Nikamwuliza swali la mwisho: wewe umefika wapi? Akaniandikia kwamba eneo la mstatili ni 14 mara 10, yaani 140. Kisha eneo la nusu duara akapata 308. Akamalizia: "Ustadh, nusu duara linakuwa kubwa kuliko mstatili uliolibeba, nashindwa kutoa."

Picha ya ukurasa isingenionyesha hilo. Ingenionyesha swali, nami ningelikokotoa na kumrudishia jibu, na kosa lake lingebaki palepale mpaka siku ya mtihani. Sasa niliona wazi lilipo: 308 hupatikana ukichukua 14 kuwa nusu kipenyo. Nusu ya 22/7 mara 14 mara 14 ni 308 kamili. Nilikuwa nimeanza kumwandikia hivyo, ujumbe wake mwingine ukanitangulia: "Ustadh subiri. Nimeandika mwenyewe kwamba mstari ulionyooka ni AB. Basi 14 ni kipenyo. Nusu kipenyo ni 7." Baada ya muda: nusu ya 22/7 mara 7 mara 7 ni 77, na 140 kutoa 77 ni 63. Sentimita 63 za mraba. Nikafuta nilichokuwa nikiandika, nikamwambia ni sawasawa.

Sisemi kwamba kila mtoto akiandika swali lake atalitatua. Nimeona wengi wakiandika vizuri na kubaki gizani. Lakini nimeona pia mara kadhaa kwamba anayelinakili swali hulazimika kulisoma, jambo ambalo mpiga picha halazimiki kulifanya.

Kunakili nako kuna mitego yake, na mmoja huo umeniaibisha. Mwanafunzi mwingine aliniandikia: "21/2 + 31/4." Nikamjibu kwa uhakika kabisa, ishirini na moja gawanya kwa mbili, thelathini na moja gawanya kwa nne, nikampa jibu 18 na robo. Kitabu chake kilisema 5 na robo tatu. Alichokuwa nacho kitabuni ni mbili na nusu, kujumlisha tatu na robo. Kitabuni ile namba nzima huwa kubwa na sehemu yake huwa ndogo pembeni. Kwenye simu zote huwa za ukubwa mmoja, na nafasi kati yake ikisahaulika, mbili na nusu inageuka kumi na nusu. Tangu hapo ninawaomba waandike namba za namna hiyo kwa neno "na": 2 na 1/2. Ni rahisi, na haipotezi nafasi nyingi. Kwa wakubwa wao wa sekondari ninaongeza ombi la mabano. Mtu akiandika 2x+6/x+3, sijui kama kilicho juu ya mstari ni 2x+6 yote au ni 6 peke yake. Weka 1 badala ya x uone: kwa (2x+6)/(x+3) unapata 2, na bila mabano unapata 11.

Namna ya kujua kwamba swali limenakiliwa vibaya ni hiyo hiyo iliyonifichukia mimi: jibu lisilofanana na lile la nyuma ya kitabu, au namba mbaya zisizo na desturi katika mazoezi ya darasa lile. Nikiona thelathini na moja juu ya nne katika zoezi la Darasa la Saba, sasa ninasimama na kuuliza: "Nathibitisha, mwanangu: ni tatu na robo, au ni thelathini na moja gawanya kwa nne?"

Wanafunzi wa madrasa nao hutuma picha za msahafu, wakiuliza hukumu ya tajwidi au maana ya neno. Hapo siwaombi waandike aya. Mtoto akiandika Kiarabu kwa herufi za Kiswahili, tofauti za herufi hupotea: "kalbu" aliyoiandika inaweza kuwa moyo na inaweza kuwa mbwa, kwa kuwa kaf na qaf zimekuwa kitu kimoja. Na kuandika aya kwa kukisia si jambo la kulizoesha. Ninaomba jina la sura, namba ya aya, na neno la ngapi kutoka mwanzo wa aya. Msahafu ninao mezani, nitalifungua mwenyewe.

Yapo maswali yasiyoandikika, na hayo sipotezi muda nayo. Ramani ya jiografia yenye mistari ya kontua, mchoro wa mzunguko wa umeme wenye matawi mengi, au mwandiko wa mwalimu ambao mtoto mwenyewe hausomi: hayo ninamwambia mapema kwamba maneno hayatatosha, aje na kitabu kesho kabla ya adhana ya Magharibi, nami nitamsubiri barazani. Ninataja mahali na wakati, kwa kuwa "njoo siku nyingine" ni ndugu yake "sioni kitu".

Kijana wa mstatili alifanya mtihani wake Septemba. Mama yake aliniambia kwamba siku hizi mdogo wake ndiye anayeishika simu jioni, na kwamba kaka mtu humsimamia begani akimhimiza: "Mwambie na mstari ulionyooka uko upande gani."